Jingo la sabuni: akina mama wanaimba wimbo lakini jina la sabuni hawalikumbuki. Tatizo liko wapi?

#1 Mtunzi_Ngarenaro
Wakuu habari za jioni. Nimepewa kazi ya kutunga jingo la sekunde 30 la sabuni ya mche, litakalopigwa kwenye redio za Arusha na Moshi. Mwenye sabuni anawalenga akina mama wenye pilika, wale wanaotoka nyumbani kabla jua halijachomoza na kurudi magharibi wakakuta sare za shule zinawasubiri. Sabuni bado haijaingia sokoni, kwa hiyo jina lake halisi silitaji. Kwenye uzi huu tuiite Zawadi, maana nalo lina silabi tatu kama la kweli.

Demo tumeipiga saluni na kwa mama lishe wa Soko la Kilombero. Baada ya muda unawasikia wanaimba wenyewe "madoa yote kwaheri", tena kwa raha. Ukiwauliza ni sabuni gani hiyo, wanakutajia sabuni nyingine kabisa, ile wanayoitumia nyumbani. Yaani nimeitangaza sabuni ya mtu mwingine. Maneno ni haya:

*Mama mchapakazi unayeamka alfajiri na mapema,*
*Nguo za shule na za baba zimejaa kwenye beseni,*
*Usihangaike tena kwa sababu suluhisho limeshapatikana,*
*Povu jingi, harufu nzuri, madoa yote kwaheri,*
*Zawadi, sabuni ya familia, Zawadi!*

Mdundo ni mapigo 96 kwa dakika. Sekunde 5 za mwanzo ni ala tupu, na sekunde 5 za mwisho mtangazaji anasema inapatikana wapi. Sauti nimeiambatisha. Naombeni mnisaidie: kosa liko kwenye maneno, kwenye muziki au kwenye jina lenyewe?

#2 Chalii_wa_Sakina
Naweka kambi. Ila huo mstari wa tatu, arifu, ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku.

#3 Mjasiriamali_Usa
Mkuu asante kwa uzi. Naomba vipimo vya kostiki soda na mafuta ya mawese kwa miche ya kuanzia. Na je, mnauza kwa jumla?

#4 Chalii_wa_Sakina
#3 mwenzio kaleta wimbo, wewe unataka sufuria.

#5 Mzee_wa_Vina
Nimeisoma mara mbili. Kijana, haya si mashairi, ni barua. Angalia mwisho wa mistari yako: ma, ni, na, ri, di. Hakuna kina hata kimoja kinachorudi, na mizani haifanani, mstari wa pili una 18 na wa tatu 23. Sikio la Mswahili limelelewa na vina. Weka shairi la mizani 16, nane kwa nane, vina vya kati na vya mwisho visimame, jina uliweke penye kina. Halitamtoka mtu kichwani.

#6 Fundi_wa_Meza
Nimeisikiliza demo kwa spika za studio, halafu kwa simu, halafu nikampa dereva wa kifodi cha Ngaramtoni aipige abiria wakiwa wamejaa. Naanza na hesabu, maana yote yanatokea hapo.

Kwa mapigo 96, sekunde 30 ni mapigo 48, sawa na bari 12 za mapigo manne. Toa bari mbili za mwanzo na mbili za mtangazaji, zinabaki nane za kuimba, yaani mapigo 32. Nimehesabu silabi za mistari yako yote mitano, ni 93. Kila pigo limebebeshwa karibu silabi tatu, na mwimbaji hana mahali pa kuvuta pumzi. Msikie dada wa watu kwenye "limeshapatikana", anakimbia kama anafukuzwa. Mstari unaoimbika kwa nafasi ni ule wa nne, kwa sababu una vituo: povu jingi, harufu nzuri, madoa yote kwaheri. Ndiyo maana akina mama wameushika huo wakaacha mingine.

La pili ni jina. Kwenye demo, ZA imeangukia pigo la kwanza na DI imevutwa mapigo mawili. Sisi tunasema za-WA-di, mkazo uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Umeinua ZA, umevuta DI, na ile silabi ambayo sikio linaitegemea umeipitisha haraka katikati. Ndani ya kifodi nilisikia "zaa... diii". Abiria wa mbele aliniambia ni tangazo la mbegu. Tiba yake ni ndogo: ZA ianze kabla ya pigo, WA itue pamoja na ngoma, DI iachwe fupi.

#7 Mzee_wa_Vina
Fundi, nakuheshimu, lakini hapo sikubaliani nawe. Taarabu inavunja mkazo kila siku. Kwaya zetu huku mlimani zinavuta silabi ya mwisho hadi paa linatetemeka, na maneno tunayaelewa.

#8 Fundi_wa_Meza
Shikamoo mzee. Tunayaelewa kwa sababu ni maneno tunayoyajua tayari, sikio linajaza lenyewe palipovunjika. Jina jipya la sabuni sikio halina cha kujazia. Na hizo nane kwa nane zako ni silabi 64 kwa mistari minne, ndani ya mapigo 32. Zinaingia, lakini zinajaza kila kitu bila pengo. Mimi ningeshuka hadi sita kwa sita, silabi 48, ili kila nusu ya mstari iachie pumzi. Vina sivikatai.

#9 MamaWatatu_Njiro
Nyie mnabishana mapigo, mimi ndiye mama mwenyewe mnayemwimbia. Nafanya kazi ya zamu hospitali, watoto watatu, wawili wanavaa shati jeupe. Naomba niseme kwa moyo wote: sipendi redio iniambie "usihangaike". Nikisikia mama mchapakazi, umeamka alfajiri, nguo zimejaa, nashusha sauti. Najua nimechoka, sihitaji kuimbiwa. Mkifika kwenye jina la sabuni mimi nilishaondoka zamani.

Halafu "povu jingi" mnaipenda sana nyie wanaume. Povu lazima lisuuzwe. Wiki ambayo maji hayatoki nanunua kwa dumu la lita 20, na sabuni yenye povu lisiloisha inaninywea madumu mawili ya ziada kwenye kusuuza tu. Niambieni sabuni inayotoka kwenye nguo upesi, hapo nitaongeza sauti.

#10 Binti_wa_Tengeru
#9 dada yangu, kwa mama yangu ni kinyume kabisa. Sabuni isiyotoa povu anaiita jiwe. Anaamini povu ndilo linalofua.

#11 Kijana_wa_Moivaro
Povu Arusha ni kazi bure kwa sababu maji yetu yana floraidi nyingi. Floraidi inaua povu. Ndiyo maana meno yetu yana rangi na sabuni hazitoki povu. Hilo tangazo lifaulu Moshi tu.

#12 Maji_Mengi
#11 la meno ni kweli, la povu si kweli. Kinachogombana na sabuni ya mche ni kalsiamu na magnesi. Zikikutana na sabuni zinafanya ule utando wa kijivu unaobaki kwenye beseni, na povu linakufa. Maji ya kwetu yenye floraidi nyingi mara nyingi ndiyo yenye kalsiamu kidogo, kwa hiyo sabuni inatoa povu vizuri. Ila kisima na kisima havifanani, hata ndani ya mtaa mmoja. Ukitaka kujua ya kwako, tikisa maji na vipande vya sabuni kwenye chupa: povu likikaa, maji ni laini. Likigeuka ukungu wenye chembechembe, ni magumu.

Kwa mtunzi maana yake ni kwamba ukiahidi "povu jingi" redioni, unaahidi kitu kinachotegemea kisima cha mteja.

#13 Dukani_Mbuyuni
Nawasalimu kutoka Moshi. Nina duka, na nashangaa hakuna aliyegusa jambo hili. Sabuni ya mche hainunuliwi mche. Kwangu wengi wananunua kipande. Nachukua mche, naukata kwa kisu au kwa waya, namfungia kwenye gazeti. Jina limepigwa mhuri kwenye mche, lakini nikikata mara nyingine mhuri unapasuka katikati, na baada ya kufua mara ya kwanza hata hiyo nusu imefutika. Boksi lenye picha nzuri nabaki nalo mimi. Mama anafua wiki nzima na kitu kisicho na jina mkononi.

Kwa hiyo hilo jina hatalisoma popote. Atalisikia, halafu atalitamka dirishani kwangu. Asipolitamka anasema "nipe sabuni ya kipande", na mimi nampa ile yenye faida nzuri. Huo ndio ukweli wa dukani. Wimbo wako wote mama hafungui mdomo kuomba sabuni. Anaimbiwa tu.

#14 Chalii_wa_Sakina
Yaani Mangi katoboa siri ya kambi mwenyewe.

#15 Mtunzi_Ngarenaro
#13 hapo umenifungua macho, asante. Kwa hiyo mwimbaji awe mama mwenyewe yuko dirishani. Nimejaribu sita kwa sita za Fundi:

*Mangi, hebu nipe / kipande, Zawadi,*
*Shati la mtoto / lirudi jeupe,*
*Beseni moja tu, / kisha naondoka,*
*Mangi, niongeze / kipande, Zawadi.*

Silabi 48. Jina linakuja ndani ya bari mbili za kwanza za kuimba na linarudi mwisho. Dada #9, nimetoa pole zote, nimetoa na povu.

#16 MamaWatatu_Njiro
Sasa huyo mama nimemtambua. Ana haraka na hajalia.

#17 Dukani_Mbuyuni
Karibu umefika. Lakini hakuna mteja anayesema "kipande, Zawadi". Anasema "kipande cha Zawadi" au "nikatie Zawadi ya mia tano". Ukimwimbia kitu asichokitamka, dirishani hakitatoka.

#18 Mzee_wa_Vina
"Kipande cha Zawadi" ni mizani saba, mstari unachechemea. Na bado hakuna vina! Di, pe, ka, di. Nimejaribu kuwasaidia:

*Mangi, nikatie / Zawadi, Zawadi,*
*Shati jeupe pe / ndiyo yake ahadi.*

#19 Fundi_wa_Meza
Mzee, mstari wako wa kwanza ni dhahabu, nauchukua. "Nikatie" ndilo neno la dukani, na jina limerudi mara mbili bila kubanwa, WA zote mbili zinakaa kwenye pigo. Mstari wa pili una saba upande wa mwisho, nawe umetukataza kuchechemea.

#20 Mzee_wa_Vina
"Ndiyo" nilikusudia itamkwe "ndo". Washairi tuna ruhusa.

#21 Kifodi_Kijenge
Wekeni "Mangi, nikatie / Zawadi ya jero". Sita kwa sita kamili! Kila mtu anasema jero.

#22 Dukani_Mbuyuni
Bei usiiweke kwenye wimbo. Ikipanda, mteja atanigombeza mimi, siyo redio. Na kuna akina mama wa makamo hapa Moshi hawatatamka "jero" dirishani hata kwa dawa.

#23 Binti_wa_Tengeru
Na mbona muuza duka lazima awe Mangi? Kwetu duka ni la mama, tunamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza.

#24 Kijana_wa_Moivaro
Mangi inaeleweka nchi nzima. Usiharibu wimbo.

#25 Mwalimu_Pasua
Nasoma kimya tangu mwanzo, ila "beseni moja tu" na "lirudi jeupe" zimenitoa mafichoni. Udongo wa huku kwetu ni mwekundu. Soksi nyeupe za mtoto aliyecheza mpira uwanjani wakati wa mvua hazirudi nyeupe kwa beseni moja, hata ufue na nani. Inabidi uzikung'ute tope likishakauka, uziloweke, ndipo ufue, na bado kisiginoni kunabaki kivuli. Mama akijaribu mara ya kwanza ikashindikana, wimbo huohuo unakuwa ushahidi dhidi yako kila ukipigwa.

Zaidi ya hapo, ahadi ya namna hiyo inaweza kuitiwa maelezo. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani ipo. Kabla ya kurekodi, mwambie mwenye sabuni afue soksi hizo mbele yako, tope la Pasua, kwa beseni moja. Zikitoka, imba. Zisipotoka, badilisha mstari.

#26 Mtunzi_Ngarenaro
#25 nimekusoma, hilo jaribio nitaliomba. Kwa tahadhari nina mstari wa akiba: "Loweka, fikicha, / suuza, anika". Sita kwa sita. Hauahidi kitu, ni kazi tu inayofanyika.

#27 Fundi_wa_Meza
Huo ni bora kuliko uliokuwepo. Una vitendo vinne na kila kimoja kinakaa kwenye mwendo wa mkono unaofua. Anayefua ataimba bila kukusudia. Jihadhari na "suuza" tu: kwenye spika ndogo "s" na "z" zinapotea kwenye kelele, na gitaa lako liko juu palepale zilipo. Lishushe gitaa kwenye maneno hayo na kwenye jina, na zeze la mwanzo likatishwe sauti inapoingia. Besi usiitegemee, simu ya kawaida haiitoi kabisa.

#28 Mama_Lishe_Kilombero
Mimi ni mmoja wa waliosikilizishwa hiyo demo. Wimbo mzuri, kijana. Lakini mnasema mama, mama. Nguo kwangu anafua dada wa kazi. Mimi nanunua sabuni, yeye anaishika. Yeye ndiye anayekuja kusema "mama, ile sabuni inakwangua mikono, usilete tena". Nikisikia tangazo mimi peke yangu, halina nguvu. Akilisikia yeye, kesho ananiagiza. Na redio mchana inasikilizwa na yeye, mimi niko sokoni.

#29 Fundi_wa_Meza
Mama #28 amegusa jambo la zamani sana. Sabuni na redio za mchana ni ndugu. Mwaka 1933 huko Marekani, Procter & Gamble walianza kudhamini mchezo wa redio wa mchana kwa ajili ya sabuni yao ya unga, Oxydol, kwa hesabu kwamba anayefua ndiye aliye karibu na redio saa hizo, na anayefua ndiye anayenunua. Huku kwetu ni watu wawili tofauti, na saa zao za redio ni tofauti. Asubuhi mapema unampata mama kwenye kifodi, saa nne unampata dada beseni likiwa mbele yake.

#30 Kifodi_Kijenge
Kwa hiyo tatizo halikuwa wimbo, ni saa ya kupiga. Nilijua.

#31 MamaWatatu_Njiro
Hapana #30, usifunge mada. Kwangu hakuna dada, nafua mwenyewe Jumamosi. Na wale akina baba wa "nguo za baba" nao wana mikono. Kwa nini kusiwe na sauti ya mwanaume kwenye "loweka, fikicha"?

#32 Kijana_wa_Moivaro
Hapo sasa uzi umeingia siasa.

#33 Chalii_wa_Sakina
#32 wewe soksi zako anafua nani?

#34 Kijana_wa_Moivaro
Nimetoka kidogo, narudi.

#35 Mwanakwaya_Majengo
Mtunzi, jambo moja la haraka. Sauti ya "madoa yote kwaheri" inafanana mno na pambio moja tunaloimba. Sisi kwaya yetu iliwahi kusikia wimbo wetu kwenye tangazo la duka bila kuulizwa, na iliuma. Kama umeitoa mahali, omba ruhusa kwa maandishi. Kama ni yako, isajili COSOTA kabla haijaanza kupigwa, na uandikishane na mwenye sabuni nani anamiliki nini.

#36 Mtunzi_Ngarenaro
#35 tuni ni yangu, lakini nitaipeleka kwa mwalimu wa kwaya aisikilize. Kipande hicho kimeondoka hata hivyo. Ilivyo sasa:

*Mangi, nikatie / Zawadi, Zawadi,*
*Shati la mtoto / na soksi za baba,*
*Loweka, fikicha, / suuza, anika,*
*Mangi, nikatie / Zawadi, Zawadi.*

Mstari wa tatu sauti mbili, ya kike na ya kiume. WA kwenye pigo.

#37 Mzee_wa_Vina
Di, ba, ka, di. Sawa. Nimenyamaza, lakini sijakubali.

#38 Dukani_Mbuyuni
Bado nina shaka moja. Jioni dirishani kwangu wanaokuja siyo mama wala dada. Ni watoto waliotumwa, wameshika sarafu ya mia tano, wanarudia njiani wasisahau. Mtoto wa darasa la kwanza akisema "Zawadi", nitajua ni sabuni au ni pipi? Mtunzi, kwenye maneno yako mapya neno sabuni halimo popote.

#39 Fundi_wa_Meza
Kweli halimo. Mtangazaji wa mwisho anaweza kulisema.

#40 Dukani_Mbuyuni
Mtoto haimbi mtangazaji.

#41 Mtunzi_Ngarenaro
"Sabuni Zawadi" ni sita. Lakini nikiiweka, jina linatajwa mara moja badala ya mbili kwenye mstari huo. Niiweke mwanzo au mwisho?

#42 Mzee_wa_Vina
Mwanzo.

#43 MamaWatatu_Njiro
Mwisho. Mtoto anabeba la mwisho alilosikia.